Shemeji ananiuzia Omega kwa 380,000. Je, pesa yangu itarudi?

*Kaka, mwezi huu nimepokea zamu yangu ya chama, shilingi 400,000. Shemeji yangu ni dalali pale mjini na ameniletea saa ya Omega iliyotumika, ile ya buluu yenye mawimbi usoni, anayoiita "Omega ya James Bond". Anataka 380,000. Haina boksi wala karatasi, lakini imeng'arishwa ikawa kama mpya. Anasema saa za namna hii hazishuki bei, kwamba mwaka jana aliona moja mtandaoni ikiuzwa zaidi ya hapo, na kwamba baada ya miaka mitano nitaiuza mara mbili. Mwenye saa ana haraka na jibu linatakiwa kufikia Jumamosi. Mimi ni muuguzi, saa sizijui. Je, kununua saa iliyotumika ni uwekezaji kweli? Na nitajuaje itauzika kwa bei gani nikitaka kuiuza?*
*– Muuguzi, Umoja*

Dada yangu, pesa ya chama usiitume bado. Kwa bei hiyo, na kwa hali uliyoieleza, saa hiyo haitakurudishia pesa yako, sembuse kuizidisha. Nimenunua na kuuza saa zilizotumika hapa Nairobi kwa miaka mingi, na ningependa uione hesabu yenyewe ili siku nyingine uipige bila kunihitaji.

Anza na hili: saa moja ina bei tatu. Kuna bei ambayo mwenye saa anaiandika akitumaini atapata mnunuzi. Kuna bei ambayo watu wawili waliuziana kweli. Na kuna bei ambayo mfanyabiashara wa saa atakupa taslimu ukiingia kwake asubuhi ukisema unauza. Ile ambayo shemeji aliiona mtandaoni ni ya kwanza, na ya kwanza haina maana yoyote mpaka mtu ailipe. Nimeona saa zikikaa kwenye Chrono24, soko la saa la mtandaoni, kwa miezi na bei yake ileile, na kila dalali anayepita anaitaja bei hiyo kama ushahidi. Wewe ukiwa mwekezaji, bei yako ni ya tatu, kwa sababu siku utakayohitaji pesa, pengine karo au hospitali, hutakuwa na nafasi ya kusubiri mpenzi wa saa ajitokeze.

Bei ya pili inapatikana bure. Fungua eBay kwenye simu, ingia kwa akaunti yako, andika `Omega 2531.80`, yaani nambari ya modeli, kisha kwenye vichujio weka alama penye `Sold Items`. Sasa utaona saa zilizokwisha uzwa tu. Toa zile zenye boksi na karatasi, kwa sababu yako haina. Toa zilizoharibika zinazouzwa kwa ajili ya vipuri. Ukiona bei imekatwa kwa mstari, muuzaji alikubali ofa ya chini na hiyo unayoiona siyo iliyolipwa, kwa hiyo iache pia. Zikibaki kumi za karibuni zinazofanana na yako, chukua wastani wake. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na ukiimaliza utakuwa unajua zaidi ya shemeji.

Lakini kwanza hakikisha ni 2531.80 unayoitafuta, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Omega ilitengeneza Seamaster ya mawimbi ya buluu kwa namna kadhaa zinazofanana usoni. 2531.80 ni ya otomatiki, kubwa, upana wake milimita 41. 2541.80 ni ukubwa huohuo lakini inaendeshwa na betri. 2551.80 na 2561.80 ni ndogo, milimita 36, ya kwanza otomatiki na ya pili betri. Ya betri huuzwa chini ya ya otomatiki, na ndogo chini ya kubwa. Jina la James Bond halikusaidii kuzitenganisha: Pierce Brosnan, aliyeigiza Bond, alivaa ya betri mwaka 1995, kisha kuanzia 1997 akavaa ya otomatiki. Bila kadi ya dhamana hutaona nambari ya modeli popote nje ya saa, kwa hiyo tumia macho. Tazama mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, tak, tak, tak, hiyo ni ya betri. Ya otomatiki hupiga mara 8 kwa sekunde, na jicho huuona mshale kama unateleza. Upana upime kwa rula, bila kuhesabu kile kitufe cha kutegea saa kilicho pembeni.

Sasa tuipige hesabu tukichukulia ni 2531.80 halisi. Tuseme zile kumi zako zimekupa wastani wa dola 2,100. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hiyo ni kama 271,000. Hii ndiyo bei ambayo mtu mvumilivu anaweza kuipata akiuza mwenyewe, na bado mtandao utakata ada yake na usafirishaji utakula kiasi. Mfanyabiashara hatakupa hiyo. Lazima abakishe faida, kodi ya duka, na hatari ya saa kumkalia. Mimi mwenyewe nikinunua kwa mtu ambaye sina mteja wake tayari, mara nyingi natoa kama robo tatu ya bei ninayotarajia kuuzia. Robo tatu ya 271,000 ni kama 203,000.

Kwa hiyo ukilipa 380,000 Ijumaa, Jumamosi asubuhi mkononi una kitu cha 203,000. Shilingi 177,000 zimeondoka kabla saa haijamaliza siku moja nyumbani kwako. Hilo ndilo pengo ambalo dalali halitaji, na kila saa iliyotumika inalo, hata ile nzuri kabisa. Ukitaka kujua kama saa ni uwekezaji, uliza kwanza pengo lake ni la kiasi gani, halafu ndiyo uulize kama bei itapanda.

Kuna na sevisi. Saa ya otomatiki ina mafuta ndani, na mafuta hukauka. Omega inashauri sevisi kila miaka 5 hadi 8, na raba zinazozuia maji huwa ngumu hata kama saa haikuvaliwa. Maandishi ya mita 300 usoni yalikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani. Leo usiioshe nayo vyombo kabla haijapimwa. Sevisi kamili kwa kampuni yenyewe, au kwa fundi mwenye vipuri halisi, itegemee kati ya dola 700 na 1,000. Fundi wa mtaani atakufanyia kwa bei ya chini sana, lakini Swatch Group, kampuni inayoimiliki Omega, huwapa vipuri mafundi iliowaidhinisha, na fundi asiye na vipuri atapaka mafuta mapya juu ya chuma kilichokwisha lika. Tuchukue dola 750, yaani karibu 97,000. Sasa umeweka 477,000 kwenye kitu cha 203,000. Ili urudishe zako tu, bila hata shilingi ya faida, bei ya saa hiyo inatakiwa kupanda zaidi ya mara mbili.

Na wakati unasubiri, saa haizai. Nyumba ina kodi, SACCO ina gawio, hati fungani ya serikali inaanzia 50,000 na inakulipa riba kila miezi sita. Tuseme umeiweka ile 380,000 mahali panapokupa asilimia 10 tu kwa mwaka ukaiacha izaliane. Baada ya miaka mitano ni kama 612,000. Saa italazimika kushindana na namba hiyo, siyo na sifuri.

Shemeji hakudanganya kabisa aliposema zipo saa zisizoshuka. Zipo chache, hasa Rolex za chuma za michezo, kwa sababu dukani wanaozitaka ni wengi kuliko saa zenyewe, na anayechoka kusubiri hununua iliyotumika kwa bei ya juu. Hata hizo zilipanda sana kuanzia 2020, zikafika kilele mapema 2022, kisha zikaporomoka kwa zaidi ya miaka miwili. Omega ya shemeji haiko kwenye foleni hiyo. Ni saa nzuri iliyotengenezwa kwa wingi kuanzia 1993 hadi katikati ya miaka ya 2000, na mtu anayeitaka leo anazo nyingi za kuchagua.

Nikueleze jambo ambalo Nairobi hutuchanganya sisi sote, na mimi lilinichanganya kwenye pesa yangu. Mapema 2022 nilinunua saa kwa dola 3,000. Dola ilikuwa kama shilingi 113.50, nikalipa karibu 340,000. Soko likashuka, nikakaa nayo. Januari 2024 nikaiuza kwa dola 2,300, na siku hizo dola ilikuwa imefika 160, nikapokea 368,000. Nilifurahi, nikawaambia watu saa imenipa faida ya 28,000. Usiku ule nilipokaa na daftari nikaona ukweli: saa ilikuwa imepoteza dola 700. Kilichopanda ni dola dhidi ya shilingi. Kama ningeziacha dola zangu 3,000 benki bila kuzigusa, Januari ile zingekuwa 480,000. Miezi michache baadaye shilingi iliimarika ikarudi karibu 130, na saa ileile kwa bei ileile ya dola ingenipa chini ya 300,000. Kwa hiyo mtu akikuambia saa yake "imepanda", muulize alinunua kwa dola ngapi na dola ilikuwa shilingi ngapi siku hiyo. Hadithi nyingi za faida mjini hapa ni za 2022 hadi mwanzo wa 2024, na ukizipima kwa dola zinayeyuka.

Turudi kwenye saa iliyoko mezani, kwa sababu uliniambia jambo moja ukidhani ni sifa, nalo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko bei. Umesema imeng'arishwa kama mpya.

Saa ile ina pembe nne ambazo mnyororo umefungiwa. Kiwandani pembe hizo zimepindwa kidogo kama shingo, na kila moja ina pande mbili: moja imekwaruzwa kwa mistari myembamba iliyonyooka, nyingine inang'aa kama kioo. Pale zinapokutana pana ukingo mkali. Ipeleke saa dirishani asubuhi, igeuze polepole, na ufuate ukingo huo kwa jicho kuanzia penye kioo hadi kwenye ncha ya pembe. Kwenye saa ambayo haijaguswa, mwanga hukatika hapo kama kwenye mkunjo wa karatasi. Kwenye saa iliyopigwa msasa, ukingo umekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika, mwanga unapita bila kukatika, na mara nyingi pembe moja ni nyembamba kuliko mwenzake. Chuma kilichoondoka hakirudi. Mnunuzi anayejua huona hili kwenye picha ya kwanza, na hukata bei. Mikwaruzo ya kawaida, ile ya meza na milango, haimsumbui. Mng'aro ndio unaomsumbua.

Ukiwa hapo dirishani, geuza saa utazame chini ya pembe hizo. Nambari ya siriali ya Omega za enzi hizo imechongwa hapo kwa maandishi madogo sana, utahitaji lenzi au kamera ya simu. Ikiwa msasa umeifuta, iache saa hiyo mara moja, hata kwa nusu bei. Huwezi kujua kama aliyeng'arisha alikuwa mzembe au alikuwa na sababu ya kuificha. Ikionekana, inakili. Ipo huduma inayoitwa The Watch Register ambako kwa ada ndogo unaweza kuulizia kama nambari hiyo imeripotiwa kuibwa. Kutoonekana huko si hakikisho, maana saa nyingi zinazoibwa hapa kwetu haziripotiwi kwao, ila ikionekana umejiokoa. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na "shemeji aliniletea" ni maelezo magumu kuyatoa polisi. Mwenye saa na aje mwenyewe na kitambulisho, mwandikiane, nambari ya siriali iwe kwenye maandishi hayo.

Kisha mnyororo. Shika saa kiubavu, uso wa saa ukitazama pembeni, uuache mnyororo ulale hewani. Uliochoka huinama sana kuelekea chini. Hesabu pia kama vipande vilivyotolewa kupunguza ukubwa vipo. Mwenye mkono mwembamba huvitoa na kuvipoteza, na kumbe anayekuja kununua ana mkono mnene, na saa haimtoshi. Vipande halisi ni ghali na hutafutwa kwa shida.

Mwisho ni ndani. Weka saa sawa na simu saa mbili usiku, ivae, uitazame tena kesho yake saa mbili. Saa hii ilitoka kiwandani na cheti cha kronomita, ambacho kinaruhusu kukawia sekunde 4 au kutangulia sekunde 6 kwa siku. Ya umri huu ikikosea sekunde 15 sitashtuka. Ikikosea dakika nzima, inadai sevisi sasa hivi. Baada ya hapo ifunguliwe na fundi asiyejuana na shemeji, wewe ukiwa umekaa hapo. Ndani atafute jina la Omega na nambari 1120, ambayo ndiyo mashine ya 2531.80 nyingi; za mwanzo zina 1109. Atazame pia kutu na alama za maji chini ya uso. Saa inaweza kuwa na uso halisi na mashine ya kubandika, au kinyume chake. Wakubwa pia hunaswa. Novemba 2021 Omega Speedmaster moja ya miaka ya 1950 iliuzwa Geneva, kwenye mnada wa Phillips, kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 Omega yenyewe ikatangaza kwamba saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa vipuri kutoka saa mbalimbali.

Kama umeipenda saa yenyewe, hiyo ni habari nyingine na sikukatazi. Kununua iliyotumika kuna faida moja ya kweli: mwenye kwanza ndiye aliyebeba hasara ya kutoka dukani. Ukiinunua karibu na ile bei ya tatu, ukaivaa miaka mitano na kuiuza, huenda ukapoteza kidogo tu, na miaka hiyo yote umevaa saa nzuri. Lakini hiyo iwe pesa ya kuvaa, isiwe zamu ya chama. Na Umoja mpaka kazini kwako ukipanda matatu alfajiri, fikiria ni siku ngapi kwa mwezi utaivaa kweli.

Kwa shemeji usiende na mabishano, yeye ni wa nyumbani na huenda mwenyewe anaamini anachosema. Mwambie hivi: "Shemeji, saa nimeipenda. Ila haina karatasi, imepigwa msasa, na sevisi ni juu yangu. Naweza 200,000, baada ya fundi kuifungua, na mwenyewe aje na kitambulisho." Usitaje 380,000 tena, wala usijadiliane kutoka hapo kushuka. Anza na 200,000 yako, na kama siriali ni safi, mashine ni 1120 au 1109 na inatunza muda, unaweza kupanda mpaka 210,000. Akisema kuna mtu mwingine tayari ana 380,000, mpongeze, amuuzie huyo. Na akikubali, pesa ibaki kwenye simu yako mpaka kifuniko cha nyuma kifunguliwe ukitazama.